Zawadi ya Kufukia Ardhini

Nimewahi kuitwa mchawi mchana kweupe, na mama mtu mzima ambaye nimekula kwake tangu niko binti.

Siyo kwa kusengenywa pembeni. Usoni kabisa, majirani wamejaa, watoto wamepanda juu ya tofali wanaangalia bure.

Kosa langu lilikuwa zawadi. Nilimpelekea rafiki yangu zawadi ya nyumba.

Naitwa Felicitas, wengi wananiita Feli. Naandika huku bado nina hasira, kwa hiyo mkiona nimepandisha sauti katikati mnivumilie.

Rafiki mwenyewe anaitwa Zuena. Mtoto wa Temeke, wa pwani hasa, mie mtu wa kuja kutoka Songea. Tulipangaga nyumba moja zamani, milango inatazamana, tukipika kimoja tunakula wote. Mama yake, Bi Hija, alikuwa ananiita mwanangu wa bara.

Zuena anauza vitenge. Kwa vitenge hivyohivyo alinunua kiwanja Chamazi, akaanza kujenga. Mkijua mtu anavyojenga mjini hapa mtanielewa. Msingi, anapumzika. Boma, linaota nyasi. Akapaua, mvua ikaja kabla ya madirisha. Mpaka siku aliponipigia analia, anasema "Feli, nimehamia," na mie nikalia hukohuko kwenye simu kama nimehamia mie.

Jumapili nikaenda kuiona.

Nyumba nzuri. Vyumba vitatu, jiko la ndani, uzio bado. Nikavua viatu, vigae vinateleza, nikajisikia raha. Nikaenda jikoni kuchukua maji ya baridi.

Nilipogusa tu mlango wa friji, mkono ukarudi wenyewe. Umeme umenipiga mpaka kwenye kiwiko.

"Ah, nimesahau kukwambia," Zuena akasema kutoka sebuleni, ametulia kabisa. "Vaa ndala kwanza. Hizo hapo chini."

Kweli, kulikuwa na ndala za kufungulia friji.

"Zuena, friji inapiga shoti."

"Siyo shoti, inatekenya tu. Nyumba nyingi ziko hivyo."

"Na mama anajua?"

"Mama amezoea. Akisahau anasema bismillahi anavaa."

Mie siyo fundi umeme, ila nilishakaa nyumba ya kupanga ambako mpangaji mwenzetu alipigwa na umeme wa pasi tukamzika. Baada ya pale nikawa muulizaji. Najua nyumba inatakiwa iwe na ethi. Ni ule waya wa kijani na njano unaotoka kwenye boksi la umeme unakwenda nje, unafungwa kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini. Umeme ukivujia kwenye bati la friji au la mashine, unapita njia hiyo unaingia chini. Kama njia hiyo haipo, umeme unakaa palepale kwenye bati unamsubiri mtu aje miguu mitupu.

Nikamuuliza Zuena, "Ethi alikufungia nani?"

Uso ukabadilika. "Wayaringi yote kafunga Mudathir. Mdogo wangu kajitolea, hajachukua hata nauli. Sasa unataka kuanza kumsema?"

Nikavaa ndala nikachukua maji yangu, nikaacha. Mudathir ndiye mdogo wake pekee, na anakaa chumba cha uani hapohapo. Kumsema Mudathir mbele ya Zuena ni kutafuta ugomvi usio na mwisho.

Sasa njooni kwenye kamati.

Marafiki tulikuwa na grupu la kuandaa shughuli ya kuzindua nyumba. Kisomo asubuhi, chakula, halafu jioni zawadi. Mwenyekiti Farida, mwanamke mwenye sare ya kila shughuli.

Kila mtu akaleta wazo. Seti ya vyombo. Pazia. Saa kubwa ya ukutani. Nikaandika kwa adabu: jamani, vitu vya ndani atanunua mwenyewe polepole, tumpe kitu ambacho mwenye nyumba mpya hukisahau. Nikataja mabomba ya kukinga maji ya mvua kwenye paa, maana maji ya kule ya chumvi. Nikataja mtungi wa kuzimia moto. Nikataja ethi.

Mtungi wa moto peke yake ulinitia matatani. Mmoja akaandika, "Yaani Feli unamtabiria mwenzio kuunguliwa."

Kuhusu ethi Farida akatuma sauti, anacheka mpaka anakohoa. "Feli mwaya, sie tunaingia na ngoma, tumevaa sare, emsii anatangaza, halafu tumebeba waya? Zawadi inatakiwa ibebwe, ionekane. Hiyo ya kufukia chini nani ataipiga picha?"

Wakapitisha mashine ya kufulia.

Nilikaa naiangalia simu nikaona kama wananichezea. Mashine ya bati, inayokaa kwenye maji, kwenye nyumba ambayo friji tu inafunguliwa kwa ndala. Na atakayefua ni nani? Zuena yuko dukani kutwa. Ni Bi Hija, ambaye ndani ya nyumba havai kitu mguuni, na akisikia baridi anasema ndiyo afya.

Nikaona wazi kabisa jinsi yule mama atakavyokufa, na zawadi yenyewe nimeichangia.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nikasema nitamfungia ethi kimyakimya, kabla mashine haijafika. Siku ya shughuli nitamshika mkono nimpeleke nyuma ya jiko, nimwambie zawadi yangu iko chini ya miguu yako. Mudathir hatasemwa, Zuena hataudhika. Niliona nimepanga kitu cha maana sana.

Nikamtafuta fundi Albano, aliyenifungia umeme mie mwenyewe kwenye nyumba ninayojenga Kibamba. Tukanunua fimbo ya shaba, klipu ya kukazia waya, na breka ile inayokata yenyewe umeme ukianza kuvuja. Akaniambia nitafute pia mkaa na chumvi ya mawe.

"Ya nini?"

"Chamazi mchanga mtupu, sista. Mchanga ukikauka haupitishi umeme vizuri. Tunachimba shimo, tunagongelea fimbo katikati, tunajaza mkaa na chumvi kwa matabaka, tunamwagia maji. Mkaa unashika unyevu, chumvi inasaidia umeme kupita. Kiangazi mwenye nyumba awe anamwagia ndoo moja moja."

Tukachagua siku ambayo Bi Hija amekwenda kwenye arobaini Mbagala, Zuena yuko dukani na Mudathir yuko kazini. Uzio hakuna, tukaingia nyuma ya jiko.

Albano akaufuata waya wa kijani unapotoka ukutani. Akaufukua kwa vidole. Mwisho wake ulikuwa umezungushiwa kipande cha nondo chenye kutu, kifupi kama mwiko wa ugali, kimechomekwa mchangani.

"Hii siyo ethi," akasema. "Hii ni ya kuwaonesha waliokuja kuunganisha umeme."

Nikamtukana Mudathir kimoyomoyo, tukachimba.

Shimo likaingia mpaka kiunoni. Albano akagongelea fimbo, ikabaki kichwa tu. Akatafuta klipu kwenye mkoba, hakuna. Tumeisahau dukani.

"Nakimbia barabarani kuna duka la vifaa. Wewe endelea kujaza. Mkaa, chumvi, mkaa, chumvi."

Basi nikabaki peke yangu. Nimejifunga kanga, nimepiga magoti kwenye mdomo wa shimo, mikono myeusi ya mkaa, namwaga chumvi kuizunguka fimbo ya shaba. Na kwa vile nilikuwa nahesabu matabaka nisikosee, midomo ilikuwa inacheza.

Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu.

Ni Bi Hija. Kule msibani alipata kizunguzungu, wakamrudisha mapema.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka chini.

Hakuitikia. Miaka yote ile hajawahi kuacha kuitikia shikamoo yangu.

Aliangalia shimo. Akaangalia mkaa, chumvi, fimbo. Akaniangalia mie.

"Felicitas," akasema taratibu, "unamzikia nini mwanangu?"

"Mama, hii ni ethi. Ya umeme."

"Umeme uko juu kwenye nguzo. Wewe uko chini."

Nikaanza kueleza habari ya bati na kuvuja na mchanga, nikawa naongea haraka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nina kitu. Yeye akapaza sauti. Majirani wakaja.

"Alikuwa na mwanaume," jirani mmoja akasema. "Kakimbia na mkoba."

Albano alikuwa hajakimbia, alikwenda kununua klipu. Alikimbia baadaye, aliporudi akaona watu wamejaa na mmoja kashika mpini. Aliniambia kwenye simu, "Sista, mie nina familia."

Nikafungua simu niwaoneshe video ya mafundi wakichimba shimo kama lile. Jirani yuleyule akasema siku hizi hata waganga wana chaneli.

Zuena akaja na bodaboda, kilemba kimefunguka. Alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikikumbuka naumia.

"Feli, niambie ni uongo."

"Ni ethi, Zuena. Friji yako inapiga, mama atafua na mashine miguu mitupu. Nilitaka iwe zawadi. Muulize Mudathir, yeye ni fundi, anajua ethi inafukiwa na chumvi na mkaa."

Mudathir naye alikuwa ameshaitwa kutoka kazini. Watu wote wakamgeukia.

Mie nikashusha pumzi. Nikasema limekwisha.

Aliangalia shimo. Pembeni yake kile kipande cha nondo kilikuwa kimelala juu ya mchanga, kila mtu anakiona, ila ni mie na yeye tu tuliojua ni nini.

"Ethi ipo," akasema. "Nilishafunga tangu mwanzo. Hayo mambo ya chumvi mie siyajui."

Basi.

"Ondoka kwangu," Zuena akasema. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Nilipofika nyumbani nilikuta Farida ameshanitoa kwenye grupu.

Bi Hija alimleta ustaadhi wakasoma dua, wakaing'oa ile fimbo, Mudathir akapewa akaitupe mbali. Haya niliyasikia kwa watu. Zuena alinizuia kwenye simu. Nikamwandikia kwa namba ya dada yangu, nayo ikazuiwa. Siku ya shughuli inakaribia, mashine imeshalipiwa, na mtu pekee anayejua hatari iliyopo ni mchawi.

Nilikasirika mpaka nikasema liwalo na liwe. Halafu namkumbuka yule mama na miguu yake mitupu, naona siwezi.

Nikamfuata Mudathir kwenye meza yake ya kutengeneza simu, Mbagala. Akaniona, akainama anajifanya anatafuta skrubu.

"Dada Feli, hapa ni kazini."

"Nimeleta kazi." Nikaweka juu ya meza ile breka na klipu, nilivyovifuata kwa Albano. "Mashine inakuja. Mama yako ndiye atakayefua. Unataka kumzika ndiyo useme ukweli?"

Akaichukua breka, akaigeuzageuza.

"Nilikuwa nakusudia kurudi kuifunga vizuri," akasema. "Dada alikuwa anataka kuhamia haraka. Halafu akawa ananisifia kwa watu. Nikashindwa kusema."

"Fimbo uliitupa?"

"Iko chini ya kitanda."

Nilitamani kumpiga na kile chuma chake cha kuchomelea.

"Irudishe ardhini. Na breka hii ufunge."

"Nitawaambia nini? Mama akiona chumvi tena?"

Hapo nikajua anachotaka, na yeye akajua nimejua.

"Waambie ni zawadi yako. Wewe ni mwanae, ukishika chumvi hatakuita mchawi."

Kwenye shughuli sikuwepo, ila Farida, kwa kutaka kuniumiza, alinitumia video. Emsii anapiga kelele: zawadi ya kipekee kutoka kwa mdogo wa mwenye nyumba, zawadi isiyoonekana kwa macho, inayolinda familia nzima. Mudathir anaonesha kifuniko cha saruji nyuma ya jiko. Vigelegele. Watu wanatuza.

Chini yake Farida ameandika, "Umeona mtu mwenye akili anavyotoa zawadi?"

Farida huyuhuyu aliyecheka mpaka akakohoa.

Niliitazama ile video nikalia kwa hasira. Mwishoni mwake Bi Hija anatia nguo kwenye mashine, sakafu imelowa, miguu mitupu. Akabonyeza, ikaanza kuzunguka, akacheka. Nikalia tena, ila safari hii ilikuwa afueni.

Miezi ikapita. Nikaendelea na ujenzi wangu Kibamba, nikahamia bila shughuli, maana shughuli ningemwalika nani.

Siku moja ikaingia sauti ya Zuena.

"Feli. Panya alitafuna waya wa mashine, mama yuko palepale anafua, breka ikajikata yenyewe. Fundi kasema bila ethi tungekuwa tunaongea mengine. Mudathir kamwokoa mama. Nikakaa nikafikiri, maisha mafupi, nimekusamehe yale. Nimesikia umehamia kwako. Zawadi yetu sie ni ethi, Mudathir atakuja kukufungia. Na usishtuke ukimwona na chumvi na mkaa, ndivyo inavyofungwa."

Nimesamehewa. Halafu naelekezwa.

Nilitembea nyumba nzima naongea peke yangu. Nyumba yangu ilikuwa na ethi kabla haijawa na milango. Ila nikawaza: nikimjibu ninavyotaka, mlango huu haufunguki tena. Nikaandika, "Karibuni."

Wakaja watatu, Zuena, Bi Hija na Mudathir na sururu. Zuena akanikumbatia tukalia kidogo. Nikawaonesha ilipo ethi yangu nikasema nyingine siyo mbaya, itasaidiana na ile. Mudathir akachimba, hanitazami. Fimbo ikaingia. Bi Hija akachukua mfuko wa chumvi mwenyewe, akainama kumwaga.

Mudathir akaegemea sururu. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko kazi yenyewe.

"Dada," akamwambia Zuena, "ile ethi ya Chamazi ni ya dada Feli. Fimbo yake, breka yake. Mie nilikuwa nimechomeka kipande cha nondo. Siku ile nilisema uongo."

Zuena akakaa chini kwenye mchanga, na gauni lake zuri.

Nikamtazama Bi Hija, nikingoja ashtuke. Hakushtuka. Aliendelea kumwaga chumvi, tabaka limekaa sawa kabisa.

"Mama, umesikia?" Zuena akauliza.

"Nimesikia. Nilijua," akasema. "Nilifagia chini ya kitanda chake nikaiona ile fimbo niliyosema ikatupwe. Kesho yake akaifukia yeye, anasema zawadi. Mimi si mtoto."

"Ulijua, mama?" nikasema. "Miezi yote hii, mie naitwa mchawi, wewe unajua?"

Akanyanyuka, mkono kiunoni.

"Ningesema, shughuli yote ile mwanangu angeonekana nani? Nikasema nitangoja aseme mwenyewe. Amechelewa." Akakung'uta chumvi mikononi. "Ndiyo maana hii ya leo nimeitaka mimi, nikaja kuimwaga mimi. Sikujua nikuombe vipi radhi, mwanangu."

Zuena alinishika mguu palepale alipokaa, ananiomba msamaha, analia. Yeye nilimsamehe kabla hajamaliza, maana yeye hakujua.

Bi Hija nilimpa chai, nikamtia na sukari ya kutosha. Ila sitawadanganya. Mpaka leo naandika haya, yule mama nampenda na nimemkasirikia, vyote viwili, na sijui kipi kitaisha kwanza.

Kwa hiyo mlio na rafiki aliyemaliza nyumba, mpeni kitu kitakachowalinda watu wake hata kama hakina picha nzuri. Ila mwambieni kabla ya kuchimba kwake. Nyumba ya mtu siyo mahali pa kumfanyia sapraizi.

Na nyie mnaopelekewa zawadi msiyoielewa, ulizeni kwanza. Na ukishaujua ukweli wa mtu, useme siku hiyohiyo, kwa sababu siku unazongoja wewe, kuna mwenzio anaziishi.